Pikipiki au mzigo: barua ya mwenye duka kwa mbia wake

Barua ambayo mwenye duka humwandikia mbia wake kumshauri wanunue pikipiki ya kupelekea wateja bidhaa, badala ya kuongeza mzigo dukani, ina kikwazo kimoja tangu mwanzo: anayeandikiwa hayupo kaunta. Anaujua mtaji alioutoa na mgawo anaoupata, lakini hamwoni mteja anayeingia, akakitazama kiroba cha unga cha kilo 25, akakikumbuka kilima kilichopo kati ya duka na nyumbani kwake, kisha akanunua kilo 2 na kuondoka. Kwa asiyeyaona hayo, rafu zilizojaa ndizo biashara yenyewe, na pikipiki ni chombo cha kutembelea. Kazi ya barua ni kumwonyesha kwa hesabu mteja asiyeweza kumwona kwa macho.

Tuchukue duka la vyakula lililoko Goba, Dar es Salaam. Duka hili na hesabu zake ni mfano uliotungwa, ila mfano unaofanana na maisha. Goba ni mahali pa vilima, nyumba nyingi ni mpya na zimetawanyika, na barabara nyingi za ndani ni za udongo ambao masika huugeuza matope. Mwenye duka ni mwanamke anayeuza mchele, unga, sukari, mafuta ya kula, maji ya chupa kubwa na gesi ya kupikia. Mbia wake ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtumishi anayeishi Dodoma. Kila mmoja alitoa nusu ya mtaji. Baada ya kufunga mahesabu ya nusu mwaka imebaki shilingi 4,000,000 isiyo na kazi, na shemeji amekwisha kusema kwa simu: jaza duka.

Jambo hilo lingeweza kuzungumzwa kwa simu hiyohiyo, na wengi hufanya hivyo. Lakini simu haiachi kitu cha kurejea miezi sita baadaye, pale mmoja anapokumbuka kwamba alikubali na mwingine anapokumbuka kwamba alikataa. Tena ubia wa watu wawili wenye hisa sawa hauna wingi wa kura: wakitofautiana, ni mmoja dhidi ya mmoja. Kwa Tanzania, kanuni za ubia zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, na wabia wanabeba pamoja madeni ya biashara yao. Pikipiki ikimgonga mtu katika shughuli za duka, aliyeko Dodoma naye anaguswa. Kwa hiyo ana haki ya kuelezwa kwa maandishi kabla ya fedha kutoka, na mwenye duka anapata kinga akiwa na jibu lililoandikwa.

Barua yenyewe haina haja ya lugha ya ofisini. Inatosha iwe na anuani, tarehe na kichwa cha habari, halafu iseme moja kwa moja. Hii ya Goba inaanza hivi: “Shemeji, shikamoo. Dada na watoto hawajambo? Huku tuko salama. Naandika kuhusu ile milioni 4. Wewe umesema tuongeze mzigo, mimi naona tununue pikipiki. Kabla hujanikatalia, naomba usome hesabu ya daftari nililoliandika wiki mbili mfululizo.” Salamu zimetimia na ombi limetajwa katika sentensi ya tano. Barua nyingi za namna hii huharibika kwa kuficha ombi hadi ukurasa wa pili, msomaji akawa amekwisha kuhisi kwamba kuna jambo linazungushwa.

Baada ya hapo barua yenye akili huieleza hoja ya upande wa pili, tena kwa nguvu yake yote. Hoja ya shemeji si ya kijinga. Duka lina mzigo wenye thamani ya 12,000,000 kwa bei ya kununulia. Kwa mwezi linauza mzigo wa 18,000,000, maana yake mtaji unazunguka mara moja na nusu. Faida ghafi ni kama asilimia 10 ya bei ya kununulia, na hapo gesi na sukari, ambazo faida yake ni nyembamba, zinabebwa na vitu vidogovidogo kama viungo na sabuni. Sasa, milioni 4 nyingine ikizunguka kwa kasi ileile itauza mzigo wa milioni 6 kwa mwezi na kuleta faida ghafi ya 600,000. Hakuna mshahara wa dereva wala petroli ndani yake, na mzigo usipotoka bado ni mali inayoonekana.

Kuna na kumbukumbu inayomsaidia shemeji. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika Tanzania baada ya mvua nyingi kuvuruga uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, bei ikapanda mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Duka lililokuwa na mifuko stoo lilikuwa na cha kuuza wakati jirani anasema hakuna. Mwenye duka wa Goba analitaja hili mwenyewe ndani ya barua, kwa sababu anajua shemeji atalitaja asipolitaja yeye.

Udhaifu wa hesabu ya 600,000 uko kwenye maneno manne: “ikizunguka kwa kasi ileile.” Mzigo hauzunguki kwa kuwa umenunuliwa; unazunguka kwa kuwa kuna mtu aliyeutaka akaukosa. Swali linaloamua jambo zima ni hili: mauzo yanayopotea yanapotea kwa sababu bidhaa haipo, au kwa sababu ipo na mteja hawezi kuibeba? Hakuna awezaye kulijibu kwa kukumbuka. Mwenye duka humkumbuka zaidi mteja wa mwisho aliyeondoka amekasirika.

Ndipo linapokuja daftari, na hapa ndipo barua inaposimama au kuanguka. Kwa siku 14 kijana wa kaunta aliandika kila mauzo yaliyoshindikana, katika safu mbili. Safu ya kwanza aliiita “Hakuna”, ya pili “Mbali”. Mteja akiuliza mchele wa Kyela na haupo, ni Hakuna. Akipiga simu kuuliza kama mtungi wa kilo 15 unaweza kuletwa kwake karibu na kanisa la juu, akaambiwa aje mwenyewe, ni Mbali. Pembeni yake huandikwa saa na kiasi cha fedha kwa kukisia. Ukurasa mmoja wa siku ya Jumamosi una mistari kama hii: saa 3 asubuhi, maji makubwa mawili, Mbali; saa 11 jioni, mayai trei moja, Hakuna; saa 1 usiku, gesi kubwa, Mbali; saa 1 na nusu usiku, gesi ndogo na unga kiroba kimoja, Mbali.

Mwisho wa wiki mbili mistari ilikuwa 83. Safu ya Hakuna ilikuwa na 19 na safu ya Mbali 64. Tena kati ya hiyo 19, mistari 11 ilikuwa mayai na mikate iliyoisha jioni na kuletwa kesho yake asubuhi. Hilo linatibiwa kwa kuagiza mapema, na halihitaji mtaji mpya. Wateja waliokosa kitu ambacho milioni 4 ingeweza kukileta dukani walikuwa 8 tu. Kwa mwezi ni kama 17, na kila mmoja akiacha faida ya 2,000, jumla ni 34,000. Tofauti kati ya 34,000 ya daftari na 600,000 ya kwenye simu ndiyo hoja yote ya barua, na mwenye duka ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Basi milioni 4 ya mzigo ingekwenda wapi? Ingelala. Mzigo wa milioni 12 unaouzwa kwa kasi ya milioni 18 kwa mwezi hukaa dukani siku 20 kwa wastani. Mzigo wa milioni 16 kwa mauzo yaleyale hukaa siku 27. Kilichoongezeka ni siku za kukaa, na siku hizo si za bure. Mchele unaokaa huingia fukusi, unga hudaka unyevu wa masika na kuganda, panya hutoboa kona ya mfuko na kuacha kilo 25 ambazo hakuna mteja wa kuzichukua kwa bei kamili. Duka lisilo na stoo pana huanza kupanga mifuko njiani, mpaka mteja anapita kwa ubavu. Dalili ya mzigo uliolala ni rahisi kuiona: ni bidhaa ambayo kijana huifuta vumbi kabla ya kumpa mteja.

Daftari la Mbali peke yake bado halitoshi kununulia pikipiki. Mtu anayeuliza kwa simu kama analetewa si lazima anunue akiletewa, na anayenunua akiletewa huenda ni yuleyule ambaye angekuja mwenyewe kesho. Shemeji makini atauliza hilo kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Njia ya kumjibu ni kujaribu bila kununua, na mwenye duka alifanya hivyo kwa mwezi mmoja: alipatana na bodaboda wa kijiweni wampelekee mizigo kwa 3,000 kila safari, mteja akichangia 1,000 na duka likimalizia 2,000.

Kwa siku 26 za kazi zilifanyika safari 168, kama 6 na nusu kwa siku. Oda ya kawaida ilikuwa ya 40,000 hivi, yenye faida ghafi ya 4,000. Kijana aliandika pia kama mteja ni mgeni au ni wa siku zote aliyezoea kuja na miguu yake, na wa siku zote walikuwa 42, yaani mmoja katika kila wanne. Hawa hawakuleta mauzo mapya. Walilitoa duka kwenye kaunta na kulipeleka mlangoni kwao, kwa hiyo kwao faida ya 4,000 haipaswi kuhesabiwa kama matunda ya usafiri. Barua nyingi huziruka safari za aina hii, na ndizo zinazoifanya pikipiki ionekane inaleta fedha nyingi kuliko inavyoleta.

Sasa gharama za pikipiki yenyewe. Dukani, pikipiki mpya ya kazi ya injini ya ukubwa wa kati, ikiwa na usajili na kadi, imekadiriwa 2,900,000. Kofia mbili ngumu, keria ya chuma iliyochomelewa nyuma na mikanda ya kufungia ni 160,000. Hizo hutoka mara moja. Kila mwezi kuna dereva 250,000. Oili, breki, cheni na akiba ya tairi 30,000. Bima kubwa 20,000. Mwenye duka amechagua bima kubwa kwa sababu ile ndogo, ambayo sheria inailazimisha kwa kila chombo cha moto barabarani, humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa na haimlipi mwenye pikipiki iliyoibwa.

Kisha kuna gharama isiyodaiwa na mtu yeyote, ndiyo maana husahauliwa: uchakavu. Pikipiki ya mizigo katika vilima vya Goba haitakuwa mpya siku zote. Barua inakadiria kwamba baada ya miezi 30 itauzika kwa 1,100,000. Imepoteza 1,800,000, ambayo ni 60,000 kila mwezi. Fedha hiyo inawekwa kando mwisho wa mwezi, kwenye akaunti ya simu ambayo kijana wa kaunta haigusi. Duka lisiloitenga huona faida nzuri kwa miaka miwili na nusu, halafu siku ya kununua nyingine linaanza kukopa.

Jumla ya gharama za kudumu ni 360,000 kwa mwezi, pikipiki ikitoka isitoke. Juu yake kuna petroli. Safari ya wastani ni kilomita 6 kwenda na kurudi, na ikiwa imebeba mtungi na kupanda kilima kwa gia ndogo, kilomita 30 kwa lita ni makisio ya haki, ingawa muuzaji atasema ni zaidi. Kwa petroli ya 3,000 kwa lita, kila safari inakula 600. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, hivyo namba hii ndiyo itakayobadilika mara nyingi kuliko zote, lakini hata lita ikipanda kwa 500 kila safari inaongezeka 100 tu. Kinachoikandamiza hesabu ni mshahara wa dereva, si petroli.

Mauzo mapya yanaacha 4,000 ya faida na 1,000 ya mchango wa mteja, toa 600 ya petroli, inabaki 4,400. Kwa safari 126 ni 554,400. Wateja wa siku zote wanaacha 1,000 toa 600, yaani 400 kwa kila safari, jumla 16,800 kwa safari 42. Ukijumlisha ni 571,200, na ukitoa gharama za kudumu inabaki 211,200 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea shemeji. Haifiki 600,000 aliyoizoea kichwani, na barua inasema hivyo waziwazi. Ila ni mara sita ya zile 34,000 ambazo daftari lilizishuhudia. Ukirudisha zile 60,000 za uchakavu, fedha taslimu inayoingia kila mwezi ni 271,200, kwa hiyo 3,060,000 ya kununulia na vifaa inarudi baada ya miezi 11 na siku chache.

Upande wa hasara nao unapimika. Kwa mchanganyiko huu wa wateja, kila safari huacha 3,400 kwa wastani. Ili kulipa 360,000 zinahitajika safari 106, kama 4 na ushei kwa siku. Chini ya hapo pikipiki inakula duka.

Lipo swali moja ambalo mwandishi wa barua angependa lisiulizwe: kwa nini wasiendelee na bodaboda wa kijiweni? Kwa safari 168 za 3,000, kijiwe kinachukua 504,000. Pikipiki ya duka kwa safari hizohizo inagharimu 360,000 na petroli ya 100,800, jumla 460,800. Tofauti ni 43,200 tu, na kama vijana wa kijiweni wangekubali 2,000 badala ya 3,000, kukodi kungekuwa nafuu mpaka safari zifike 257 kwa mwezi, karibu 10 kwa siku. Katika mitaa ya tambarare, ambako nauli za karibu ni ndogo, hoja ya kununua huanguka hapa hapa, na mwenye duka wa huko afadhali aandike barua nyingine.

Goba kinachoamua ni saa. Katika daftari, zaidi ya nusu ya mistari ya Mbali iko kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, wakati watu wanarudi kazini na kugundua kwamba gesi imeishia katikati ya maharage. Huo ndio wakati vijana wa kijiweni wanapata abiria wengi wanaoshuka daladala, na mtungi wa kilo 15, ambao pamoja na chuma chake hukaribia kilo 30, hauwavutii. Katika mwezi wa majaribio, oda kadhaa za jioni zilikataliwa kwa sababu hakuna boda aliyekubali kuacha abiria. Pikipiki ya duka inakuwepo saa hiyo. Asubuhi, kabla wateja hawajaamka, inaweza kwenda kuchukua mayai na mikate, na hivyo kuifuta ile mistari 11 ya safu ya Hakuna bila kukodi kirikuu kwa mzigo mdogo.

Yanayoharibika baada ya kununua ni ya aina chache, na barua inayataja pamoja na jinsi ya kuyagundua. La kwanza ni dereva kupakia abiria. Kijana anayekwenda kupeleka unga akirudi mtupu huona watu wanampungia mkono, na 1,000 au 2,000 za njiani haziandikwi popote. Tatizo si wizi wa petroli peke yake. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara yenye leseni yake, na bima iliyokatwa kwa mizigo ya duka inaweza kukataa kulipa ajali iliyotokea na abiria mgongoni. Dawa yake ni namba ya kilomita: inaandikwa asubuhi pikipiki inapotoka na usiku inaporudi. Safari 7 za kilomita 6 ni 42, na ukiongeza mzunguko wa asubuhi haipaswi kuvuka 60. Siku inayosoma 110 ina maelezo, na dereva ndiye anayeyajua.

La pili ni safari inayorudi na mzigo wake. Mteja wa gesi hubadilishana mtungi mtupu kwa uliojaa, na duka huenda likataka mtupu uwe wa kampuni ileile. Dereva akifika na mtungi wa rangi moja akakuta jikoni kuna wa rangi nyingine, amepanda kilima bure. Kwa hiyo anayepokea simu huuliza mambo matatu kabla ya kuandika oda: mtungi wa kampuni gani, wa kilo ngapi, na malipo ni taslimu au kwa simu. Mtungi unafungwa ukiwa umesimama, kamwe haulazwi, kwa sababu ukilala kimiminika hufika kwenye vali mahali panapotakiwa kuwa na mvuke, na vali ikivuja kinachotoka ni kingi na cha hatari zaidi. Ndiyo sababu ya ile keria ya chuma yenye kingo. Mpira wa baiskeli hauwezi kazi hiyo.

La tatu ni deni. Kaunta ina kibao cha “leo fedha, kesho mkopo”, lakini mlangoni kwa mteja hakuna kibao. Dereva kijana mbele ya mama mwenye heshima zake, anayemwambia “mwanangu, nitatuma jioni”, hana ubavu wa kurudi na kiroba. Barua inapendekeza kwamba oda inayozidi 50,000 ilipwe kwa Lipa Namba kabla pikipiki haijawashwa, na dereva asiwe na ruhusa ya kukopesha hata jirani wa duka. Faida yake nyingine ni kwamba usiku dereva hatembei na fedha nyingi mfukoni.

Baada ya hesabu na hatari huja jambo ambalo ndugu wengi huona haya kuliandika: pikipiki ni ya nani. Mchele hauna kadi, pikipiki inayo, na jina lililo kwenye kadi ndilo litakalozungumza siku ya kuuza, ya kuibwa au ya kugombana. Ikiandikwa kwa jina la mwenye duka peke yake, shemeji amechangia nusu ya chombo cha mtu mwingine. Kama jina la biashara limesajiliwa BRELA, jambo safi ni kuisajili pikipiki kwa jina hilo. Kama halijasajiliwa, barua inabeba sentensi hii: “Kadi itakuwa kwa jina langu kwa sababu mimi niko hapa, lakini pikipiki ni mali ya duka, nusu yako na nusu yangu, na haitauzwa wala kuwekwa rehani bila sahihi zetu wote wawili.” Dereva naye ahakikiwe leseni yake ya daraja A kabla ya kupewa ufunguo, na nakala ibaki dukani.

Ukurasa wa mwisho unarudi kwenye milioni 4 na kuigawa. Pikipiki 2,900,000, vifaa 160,000, bima ya mwaka mzima 240,000. Inabaki 700,000, na mwenye duka haombi iende kwenye pikipiki. Anaomba inunue mitungi ya gesi na viroba, vitu viwili vilivyoongoza katika safu ya Mbali, maana pikipiki ikianza kupeleka ndivyo vitakavyoisha kwanza. Hapo shemeji anapata sehemu ya alichokitaka, na kwa sababu ya haki.

Kisha barua inaweka masharti juu ya mwandishi wake mwenyewe. Kila tarehe 1 shemeji atatumiwa picha ya kurasa tatu: safari za mwezi, kilomita na fedha ya uchakavu iliyotengwa. Safari zikiwa chini ya 4 kwa siku kwa miezi miwili mfululizo, pikipiki itauzwa ikiwa bado ina bei, na fedha itanunua mzigo kama alivyosema mwanzo. Picha za daftari la siku 14 zimeambatanishwa, pamoja na ukurasa ule wa Jumamosi wenye doa la mafuta ya taa pembeni. Nakala zimechapwa mbili. Shemeji anaombwa asaini zote, abaki na moja, na nyingine aipe basi la Dodoma lije Dar es Salaam kabla ya mwisho wa mwezi.